Kuomba cheti cha asili kwa muuzaji wa nje: mfano wa mifuko ya mpunga kutoka Zambia hadi Kalundu

Kila mavuno yanapokaribia katika bonde la Ruzizi, shida ya mifuko inarudi. Mpunga upo, lakini mifuko haitoshi, na ile inayouzwa sokoni Uvira bei inapanda. Ndiyo maana vyama vingine vinaanza kufikiria kuagiza vyenyewe, moja kwa moja kutoka kiwandani, nje ya nchi. Hesabu ya kwanza inapendeza. Halafu mzigo unafika bandari ya Kalundu, wakala wa forodha analeta karatasi ya malipo, na faida yote inamezwa na ushuru.

Katika hali fulani ushuru huo unaweza kupunguzwa, au hata kuondolewa. Lakini forodha, yaani dwane, haipunguzi kwa sababu umeomba vizuri au kwa sababu ninyi ni wakulima. Inapunguza kwa karatasi moja inayoitwa cheti cha asili. Mawakala wengi wanaiita sertifika dorijini. Karatasi hiyo haitolewi Uvira, na wewe mnunuzi huwezi kwenda kuichukua mwenyewe. Inaombwa na muuzaji, katika nchi yake, kabla mzigo haujaondoka. Kwa hiyo kazi yako ni kumdai muuzaji, na kumdai mapema. Makala hii inaeleza namna ya kufanya hivyo.

Cheti kinasema nini

Cheti cha asili kinathibitisha kwamba bidhaa fulani imezalishwa au kutengenezwa katika nchi fulani. Muuzaji anaijaza na kuweka sahihi yake, kisha ofisi ya serikali ya nchi yake inahakikisha na kugonga muhuri. Kwa Zambia kazi hiyo inafanywa na Mamlaka ya Mapato ya Zambia, ZRA. Kwa Kenya ni Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA.

Hapa watu wengi wanachanganya mambo mawili: nchi ulikonunua, na nchi ambako kitu kimetengenezwa. Mfuko ulionunuliwa Lusaka si lazima uwe mfuko wa Zambia. Kama umefumwa Asia, ukashushwa Lusaka, ukauzwa tena kwenu, asili yake inabaki Asia. Hata kiwanda cha Lusaka kikiupiga chapa ya jina la ushirika wenu, asili haibadiliki. Kupiga chapa, kufunga upya na kubandika lebo ni kazi ndogo ambazo hazimpi mtu haki ya kusema "nimetengeneza."

Lakini kiwanda kikinunua punje za plastiki kutoka ng'ambo, kikaziyeyusha, kikavuta nyuzi na kufuma mifuko, hapo mambo ni tofauti. Punje za plastiki ya polipropilini ziko katika kifungu 39.02 cha tarifa ya forodha, na mifuko iko katika kifungu 63.05. Kitu kilichoingia kiwandani kimetoka kikiwa kitu kingine. Kanuni za COMESA zinakubali njia hiyo. Zinakubali pia njia ya hesabu: vifaa vilivyotoka nje ya COMESA visizidi asilimia 60 ya gharama ya vifaa vyote vilivyotumika, au thamani iliyoongezwa kiwandani ifike angalau asilimia 35 ya gharama ya bidhaa inapotoka kiwandani. Kwa mazao yaliyolimwa na kuvunwa nchini humo, kama mahindi au maharagwe, hakuna hesabu ndefu. Hayo ni ya nchi hiyo kabisa, na kwenye cheti yanaandikiwa herufi P.

Nchi gani inaweza kukupa cheti kinachofaa

Cheti kinafanya kazi pale tu ambapo nchi ya muuzaji na nchi yetu ziko katika mapatano mamoja, na nchi yetu imeanza kweli kupunguza ushuru chini ya mapatano hayo. Kwa sisi wa mwambao wa kaskazini wa Tanganyika, jambo hili lina maana kubwa, kwa sababu ziwa letu linagusa nchi nne ambazo hazina mapatano yaleyale.

Zambia, Burundi na Kongo zote ni wanachama wa COMESA. Zambia ni kati ya nchi zilizoanzisha eneo la biashara huru la COMESA mwaka 2000, na Burundi ikaingia mwaka 2004. Kongo ilikuja nyuma sana, na mpango wake ulikuwa wa kushusha ushuru kwa hatua, si mara moja. Kwa hiyo usichukulie kwamba ushuru ni sifuri. Kabla ya kuagiza, mtume wakala wenu kwenye ofisi ya DGDA akaulize, kwa namba ya tarifa ya bidhaa yenyewe, ni kiwango gani kinatozwa leo kwa mzigo wenye cheti cha COMESA. Jibu aliandike, na tarehe aiweke. Jibu hilo ndilo linaloamua kama safari nzima ina faida.

Tanzania ni hadithi nyingine. Ilitoka COMESA mwaka 2000, kwa hiyo muuzaji wa Kigoma hawezi kukupa cheti cha COMESA, hata akiwa mtu mwaminifu kiasi gani. Akikuambia anacho, jiulize kimetoka wapi. Tanzania na Kongo ziko pamoja katika SADC, na tangu mwaka 2022 ziko pamoja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki pia. Lakini nchi kuingia katika jumuiya si sawa na kuanza kutumia tarifa yake mpakani. Hapo pia swali ni lilelile, na wa kulijibu ni DGDA: cheti hiki, kwa bidhaa hii, leo kinapunguza kiasi gani?

Hesabu kabla ya safari

Tuchukue mfano. Ushirika wa wakulima wa mpunga wa upande wa Sange unataka mifuko 10,000 ya kilo 50 kutoka kiwanda cha Zambia. Bei ni senti 30 za dola kwa mfuko, yaani dola 3,000. Usafiri wa kamyo hadi bandari ya Mpulungu na wa meli hadi Kalundu ni dola 450, na bima dola 50. Kwa forodha thamani ya mzigo si zile 3,000 tu. Ni bei pamoja na usafiri na bima, yaani dola 3,500. Tuseme ushuru wa bidhaa hii ni asilimia 20.

Bila cheti, ushuru ni dola 700. Juu yake inakuja TVA ya asilimia 16, nayo inahesabiwa kwenye thamani pamoja na ushuru, yaani kwenye dola 4,200. Hiyo ni dola 672. Jumla ya mambo hayo mawili ni dola 1,372.

Cheti kikikubaliwa na ushuru ukiondolewa wote, inabaki TVA peke yake, ya dola 560. Ushirika umeokoa dola 812, ambazo ni karibu senti 8 kwa kila mfuko. Kama punguzo ni la asilimia 40 tu ya ushuru, ushuru unakuwa dola 420, TVA inakuwa dola 627, na kilichookolewa ni kama dola 325.

Angalieni mambo mawili katika hesabu hii. Kwanza, cheti hakiondoi TVA, wala malipo ya OCC, wala gharama za bandari, wala pesa ya wakala. Kinagusa ushuru wa forodha, na TVA inashuka kidogo kwa sababu inahesabiwa juu ya ushuru. Pili, kuna bidhaa ambazo tayari ushuru wake ni mdogo. Tarifa yetu ina viwango vya 5, 10 na 20 kwa mia, na baadhi ya pembejeo za kilimo zina msamaha wake wenyewe. Kwa bidhaa ya asilimia 5 yenye thamani ya dola 1,000, ushuru wote ni dola 50. Kufukuzia cheti kwa dola hizo kunaweza kugharimu zaidi ya dola hizo.

Namna ya kumwomba muuzaji

Ombi la cheti linaingia katika agizo lenyewe. Halingoji mzigo uwe tayari. Sababu ni kwamba muuzaji anapaswa kujulikana kwanza na ofisi inayogonga muhuri. Kwa bidhaa ya kiwandani, ofisi hiyo inaweza kutaka kuona hesabu za vifaa au kutembelea kiwanda kabla ya kukubali. Muuzaji ambaye hajawahi kutoa cheti hawezi kukipata kwa siku moja wakati meli inapakia Mpulungu.

Kabla hujataja bei, muulize maswali matatu. Mifuko hii imefumwa wapi? Kiwanda kimeshakubaliwa na ZRA kutoa cheti cha asili cha COMESA? Mmeshawahi kutuma mzigo wa namna hii Kongo au Burundi kwa cheti hicho? Muuzaji anayeijua kazi atajibu haraka. Anayezunguka maneno, mara nyingi ni mchuuzi wa kati, na mifuko yake imetoka mbali.

Mkikubaliana, andikeni ombi lenu wazi. Wakala anaweza kulitafsiri kwa Kiingereza kwa ajili ya muuzaji wa Zambia. Maneno yake yawe hivi:

"Tunaagiza mifuko 10,000 ya polipropilini iliyofumwa, ya kilo 50, iliyotengenezwa Zambia. Tunaomba kila mzigo uje na cheti cha asili cha COMESA, karatasi ya kwanza, chenye sahihi na muhuri wa ZRA. Mpokeaji kwenye cheti awe ushirika wetu, kwa jina na anwani kama vilivyo kwenye agizo hili. Maelezo ya bidhaa, idadi ya mabunda, uzito na namba ya ankara viwe sawasawa na vilivyo kwenye ankara na kwenye karatasi ya usafiri. Mtutumie picha ya cheti kabla mzigo haujapakiwa. Dola 900 zilizobaki tutazilipa baada ya kuona picha hiyo na kuikubali."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Muuzaji akishalipwa yote, cheti kinakuwa shida yako peke yako. Akiwa bado anakudai, kinakuwa shida yenu wote wawili.

Kusoma picha ya cheti kabla meli haijaondoka

Picha ikifika kwenye simu, msiifurahie tu. Kaeni watu wawili. Mmoja ashike cheti, mwingine ashike ankara, msome mstari kwa mstari kwa sauti.

Anzeni na jina la mpokeaji. Ushirika ulioandikishwa kwa jina moja usiandikwe kwa jina jingine, wala kwa jina la rais wa ushirika. Halafu idadi na uzito: ankara ikisema mabunda 20 na cheti kikisema 22, ofisa wa forodha ana haki ya kuuliza cheti hiki ni cha mzigo gani. Halafu maelezo ya bidhaa. "Vifaa vya kufungashia" haitoshi wakati ankara inasema mifuko ya polipropilini. Halafu namba ya tarifa, ambayo kwa mifuko ya nyuzi bapa za polipropilini inaanza na 6305.33. Mwisho angalieni sahihi mbili, ya muuzaji na ya ofisa, na muhuri unaosomeka.

Palipofutwa na kuandikwa juu ni hatari. Sehemu ya kosa inapaswa kurekebishwa na ofisi ileile iliyotoa cheti, si kwa kalamu ya muuzaji au ya dereva. Kosa likionekana mzigo ukiwa bado Zambia, linatengenezwa kwa siku chache. Likionekana mzigo ukiwa Kalundu, unalipia ghala kila siku ukingoja.

Karatasi ya kwanza isafiri pamoja na mzigo, au itangulie. Fotokopi na picha ya simu zinakusaidia wewe kuhakiki, lakini haziwi msingi wa kuomba punguzo.

Mtego wa Bujumbura

Kuna njia moja inayowaangusha watu wengi wa huku kwetu. Mfanyabiashara wa Bujumbura anaagiza mifuko mingi kutoka Zambia, kwa cheti halali cha COMESA. Mzigo unashushwa Bujumbura, unaingia ghala lake, naye anawauzia ninyi mifuko 10,000. Anawapa na fotokopi ya cheti chake. Mifuko kweli ni ya Zambia, Burundi kweli ni mwanachama, na bado Kavimvira ofisa anakataa.

Anakataa kwa sababu cheti kile ni cha safari nyingine. Kinataja mpokeaji mwingine, idadi nyingine, ankara nyingine. Kanuni inataka mzigo utumwe moja kwa moja kutoka nchi ya asili kwenda kwa mpokeaji katika nchi inayoagiza. Mzigo kupita tu Bujumbura ukiwa kwenye safari yake, chini ya karatasi za forodha zinazosema unakwenda Uvira, ni sawa. Mzigo kununuliwa na kuuzwa tena humo ni biashara mpya. Kwa hiyo, kama mnategemea punguzo, nunueni kiwandani kwa jina lenu. Kama mnanunua Bujumbura, pigeni hesabu yenu kwa ushuru kamili.

Wauzaji wadogo wanaovuka Kavimvira na bidhaa chache wana utaratibu wao mwepesi katika COMESA. Huko kuna fomu fupi ya asili inayojazwa mpakani penyewe, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha waliyokubaliana majirani wawili, na kwa thamani isiyozidi kiwango walichoweka. Mzigo wa dola 3,500 kama wa mfano wetu unapita kiwango hicho, kwa hiyo unahitaji cheti cha kawaida.

Kwenye dwane ya Kalundu

Cheti kikiwa mkononi kazi haijaisha. Punguzo linaombwa kwenye tamko la forodha, ambalo wakala analiingiza katika mtambo wa Sydonia. Akilisahau, mtambo unahesabu ushuru kamili. Kabla hamjalipa, ombeni kuona tamko lililochapwa. Katika sanduku la 34 kuna alama ya nchi ya asili, na iwe Zambia, si China. Katika sanduku la 36 kuna alama ya upendeleo wa ushuru. Sanduku hilo likiwa tupu, punguzo halikuombwa, hata kama cheti kiko ndani ya faili.

Ofisa anaweza kuwa na shaka. Nchi za COMESA zinapeana mifano ya sahihi na mihuri ya maofisa wanaotoa vyeti, na sahihi isiyofanana na mfano inaweza kumfanya aandike kuuliza Zambia. Hiyo ni haki yake. Lakini kanuni za COMESA zinasema mzigo usizuiwe kwa sababu hiyo peke yake. Mnaweza kuuchukua kwa kuweka dhamana ya ushuru wakati jibu linangojwa. Ombeni hilo kwa maandishi, na risiti ya dhamana iandikwe wazi kwamba ni dhamana, si malipo ya mwisho. Bila neno hilo, kudai pesa irudi kutakuwa kugumu hata jibu likija zuri.

Na mtu akija pembeni ya bandari akisema anaweza "kutafuta" cheti cha Zambia kwa mzigo ambao tayari umeshuka, mkatalieni. Tamko liko kwa jina la ushirika. Cheti cha uongo kikigunduliwa, anayedaiwa ushuru uliopungua pamoja na faini ni ushirika, na aliyekiuza hatakuwepo.

Faili la mzigo lifungwe likiwa na agizo, ankara, karatasi ya usafiri, nakala ya cheti, tamko na risiti za malipo. Forodha inaweza kurudi kuuliza baada ya mzigo kutoka. Na mavuno yajayo, mnapomwandikia tena muuzaji yuleyule, mtumieni picha ya cheti kilichokubaliwa, mkimwambia: tunataka kingine kama hiki, kwa ankara mpya.